Siku Sita Bila Mwalimu: Nilivyomtafutia Binti Yangu Mwalimu wa Fidla

Binti yangu alikuwa amefundishwa fidla kwa miezi kumi na minne, kila Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwetu hapa Dar es Salaam, kabla sijatambua kwamba hakuwa akijifunza. Alikuwa na umri wa miaka tisa. Siku hiyo shangazi yake alikuja kututembelea, akamwomba apige ubeti mmoja wa wimbo ambao mtoto mwenyewe huuimba kila wiki katika kwaya ya watoto kanisani. Mtoto aliishika fidla, akaitazama, kisha akaiweka chini na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo shangazi, huo, mwalimu hajanionyesha." Wimbo ule una noti tano tu, na zote ziko mahali ambapo vidole vyake vilikuwa vimepita mara nyingi.

Wiki mbili baadaye yakaja matokeo ya mtihani wake wa gredi ya 1 wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ambayo mitihani yake ya vyombo hufanywa na watoto wengi wa Afrika Mashariki. Nilikaa na karatasi ile mezani kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na ripoti yoyote ya shule, kwa sababu ilinieleza kwa tarakimu jambo ambalo nilikuwa nimeliona bila kulielewa. Mtihani wa aina aliyofanya una alama 150. Vipande vitatu vya muziki vina alama 30 kila kimoja, skeli na apejio, yaani mazoezi ya kupanda na kushuka kwa noti, zina 21, kusoma noti ambazo mtoto hajawahi kuziona kuna 21, na majaribio ya kusikiliza yana 18. Kufaulu ni alama 100. Binti yangu alipata 24, 23 na 22 katika vipande vyake, yaani jumla ya 69, ambayo si alama mbaya hata kidogo. Katika skeli alipata 11, katika kusoma 8, na katika kusikiliza 8. Jumla ni 96.

Mzazi akitazama hesabu hiyo ataona kwamba hata mtoto anayepiga vipande vyote vitatu bila dosari yoyote anaishia kwenye alama 90, na hafaulu. Mwalimu wetu alikuwa ametumia karibu miezi tisa kwa vipande vitatu vilevile. Kilichoniuma zaidi ni zile alama 8 za kusikiliza. Sehemu hiyo ya gredi ya 1 humtaka mtoto apige makofi kufuata mapigo ya muziki, arudie kwa kuimba vipande vifupi anavyopigiwa, na aseme ni wapi sauti imebadilika. Mtoto wangu huimba tangu hajaanza shule. Alikosa alama hizo kwa sababu katika miezi yote ile hakuna siku aliyoombwa kuimba katika somo la fidla, na alipoombwa na mtahini hakuelewa anatakiwa kufanya nini.

Nataka kuwa mwenye haki kwa mwalimu yule, ambaye sitamtaja. Ni mpigaji hodari sana, na alikuwa mpole kwa mtoto. Kasoro ilikuwa katika jinsi alivyotumia dakika zake arobaini na tano. Alipiga pamoja na mtoto tangu mwanzo hadi mwisho wa somo, na fidla yake ilikuwa na sauti nene iliyofunika kila kitu, kiasi kwamba mimi niliyekuwa jikoni nilisikia muziki mzuri na kufurahi. Muziki ule ulikuwa wake. Mtoto alifuata vidole vya mwalimu kwa macho, na mwalimu alipoondoka, vidole vya kufuata viliondoka naye. Alikuwa pia amebandika vipande vyembamba vya karatasi yenye gundi kwenye shingo ya fidla kuonyesha mahali pa kuweka vidole, jambo ambalo walimu wengi wazuri hulifanya kwa wanaoanza, lakini baada ya mwaka mzima bado vilikuwa pale na mtoto alikuwa akiviangalia tu. Fidla haina vigawanyo shingoni kama gitaa. Anayeipiga hujua kwa sikio kwamba kidole kimekaa mahali pake, na sikio lisipofunzwa, macho hayawezi kulisaidia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo ningepaswa kuliona mapema. Fidla tuliyoinunua ilikuwa ya ukubwa wa robo tatu, na aliyetuuzia ni mwalimu mwenyewe, akisema kwamba mtoto ataikulia. Fidla za watoto zina vipimo, kuanzia ndogo kabisa hadi robo, nusu, robo tatu na kamili, na kipimo sahihi hupatikana kwa urefu wa mkono wala hakifuati umri. Mtoto huiweka fidla begani kama anataka kupiga, kisha hunyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye kile kichwa kilichojipinda kama konokono. Vidole vikiweza kukizunguka kichwa hicho huku kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, fidla inamfaa. Binti yangu alikigusa kwa ncha za vidole tu, mkono ukiwa umenyooka kama fimbo. Ndiyo maana alikuwa akilalamika shingo na bega kila Jumamosi jioni, nami nikidhani ni uchovu wa kawaida. Tangu hapo sikubali maumivu kuwa sehemu ya kujifunza chombo. Mtoto anayeanza akisema anaumwa na mwalimu akajibu kwamba atazoea, hilo pekee linatosha kunifanya niulize kwa nini anaumwa, na nisipopata jibu linalohusu namna anavyosimama, anavyoshika au ukubwa wa chombo, sirudi tena.

Nilianza kutafuta upya. Nilimuuliza kiongozi wa kwaya yetu, nikawauliza wazazi wawili ambao watoto wao niliwasikia wakipiga, nikaulizia pia kwa watu waliosoma chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo na DCMA ya Mji Mkongwe, Zanzibar, chuo cha muziki kilichoanza mwaka 2002 na ambacho hufundisha fidla pamoja na udi, ganuni na vyombo vingine vya taarabu. Nilipata majina saba. Wawili hawakuwa na nafasi, mmoja alikuwa amehama, na waliobaki niliwapigia simu.

Maswali yangu ya simu yalikuwa machache, na moja ndilo lililonisaidia kuliko yote. Nilimuuliza kila mwalimu, "Mtoto atakuwa nawe siku moja kwa wiki. Zile siku sita nyingine atafanya nini, na atajuaje kwamba anafanya sawasawa?" Sikutaka kusikia kwamba atafanya mazoezi nusu saa kila siku, kwa sababu jibu hilo kila mtu analo. Nilitaka kusikia namna. Mwalimu mmoja alisema mzazi amsimamie, nikamweleza kwamba sijui muziki, akanyamaza. Mwingine alisema angenitumia video ya wimbo ili mtoto aifuate, na hapo niliviona tena vile vidole vya kufuatwa kwa macho. Mwanamke mmoja kijana, anayefundisha shuleni na kuchukua wanafunzi wachache wa nyumbani, alinijibu kwa swali: "Mama, mtoto akikosea noti nyumbani, anajua kwamba amekosea?" Nilimwambia sijui. Akasema, "Basi hicho ndicho nitakachokiangalia kwanza." Niliandika jina lake na kulizungushia duara.

Swali la pili lilikuwa kama naruhusiwa kukaa ndani wakati wa somo. Zipo sababu za kweli za mwalimu kumwomba mzazi asiingilie, kwa maana wapo wazazi wanaojibu kwa niaba ya mtoto, na mtoto akimtazama mama kila anapokosea somo haliendi. Mwalimu anayesema, "Karibu, ila nitakuomba ukae nyuma yake na usiseme neno," amenijibu vizuri. Aliyesema kwamba yeye hafundishi mzazi akiwapo, na kwamba mlango hufungwa ili kelele za nje zisiingie, nilimshukuru nikakata simu. Mtoto wa miaka tisa hakai na mtu mzima tusiyemfahamu nyuma ya mlango uliofungwa, hata mtu huyo awe na sifa gani. Niliuliza pia kama naweza kuzungumza na mzazi wa mwanafunzi aliyedumu naye zaidi ya miaka miwili, na kama mwalimu huuza vyombo. Kuuza si kosa, lakini nilitaka kujua kabla, ili ushauri wake kuhusu chombo niupime kwa mtu mwingine.

Kati ya wote nilichagua watatu kwa somo la majaribio, na niliwalipa wote ada kamili. Wawili walikuwa tayari kunipa somo la kwanza bure. Nilikataa kwa sababu nilitaka kuona somo la kawaida, na nilitaka pia kuwa huru kusema hapana bila kuona haya. Kwa wote watatu nilifanya jambo moja: niliweka saa ya mkononi juu ya daftari na kuandika dakika ambazo fidla ya mtoto wangu ilikuwa ikitoa sauti au mtoto mwenyewe akifanya jambo fulani, akiimba, akipiga makofi, akijibu swali.

Wa kwanza alikuwa na vyeti vya kuheshimika. Alitueleza safari yake, wanafunzi wake na kumbi alizopigia, akapiga kipande kirefu kwa ustadi mkubwa, na binti yangu alimsikiliza akiwa amefungua mdomo. Katika saa nzima, mtoto alifanya kazi dakika kumi na mbili. Mwalimu alimrekebisha mambo tisa, moja baada ya jingine, bega, kidevu, kidole gumba, kiwiko, upinde, na kabla mtoto hajalishika la kwanza lilikuwa limeshakuja la tatu. Aliniambia mwishoni kwamba mtoto angeweza kufanya gredi ya 3 ndani ya mwaka mmoja. Hakuwa amemsikia akipiga hata skeli moja kamili, hivyo sikuelewa ahadi hiyo ilitoka wapi.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Ilala, mpigaji wa taarabu tangu ujana wake, na kwake nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alipoichukua fidla yake niliona inatoa sauti tofauti, akanieleza kwamba amekaza nyuzi zake kwa sol, re, sol, re, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu, wakati fidla ya mtoto ilikuwa sol, re, la, mi. Alimpigia binti yangu kipande kifupi cha makamu ya rasti, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, akamwonyesha sauti moja inayokaa katikati ya noti mbili alizozizoea, akamtaka aitafute kwa kuimba. Mtoto aliipata mara ya nne, na mzee alicheka kwa furaha. Kisha akanigeukia na kusema, "Mwanangu, mimi namfundisha sikio na makamu. Mitihani yenu ya karatasi siijui, na sitaki kukudanganya." Kwa mtoto anayetaka kupiga taarabu, sidhani kama ningempata mwalimu bora kuliko huyo. Binti yangu alikuwa tayari kwenye njia nyingine na alitaka kuurudia mtihani wake, hivyo tuliagana kwa heshima. Tangu siku hiyo naamini kwamba kabla ya kumuuliza mwalimu kama ni mzuri, muulize anafundisha muziki gani na kwa njia gani, kwa sababu fidla moja ina nyumba zaidi ya moja.

Wa tatu ni yule kijana wa swali la simu. Somo lake nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndilo nililoliona kwa macho likifanya kazi.

Alimwomba binti yangu apige kitu chochote anachokipenda, akakaa kwenye kiti cha chini, fidla yake mwenyewe ikiwa bado ndani ya mkoba wake. Mtoto alipiga kipande cha mtihani. Mwalimu hakumkatiza. Kilipoisha alimuuliza, "Wewe ulisikia nini? Sehemu gani ilikupendeza, na ipi ungependa kuirudia?" Binti yangu alinitazama, na nilijikaza nisiseme kitu. Baada ya kimya kirefu alisema mwisho ulikuwa unakwaruza. "Ndiyo," mwalimu alisema, "hata mimi nimesikia. Tutafute unakwaruza kwa nini."

Akauchukua upinde mkononi mwa mtoto, akauweka mezani, akatoa penseli. Alimwomba idhini kabla ya kumgusa vidole, kisha akamwonyesha kuishika penseli kama upinde, kidole gumba kikiwa kimejikunja, kidole kidogo kimekaa juu kwa upole. Gumba la mtoto lilikuwa limenyooka na kukakamaa, na mwalimu alimfanya alikunje na kulinyoosha mara kadhaa huku wakicheka kwamba ni kobe anayeingia na kutoka gambani. Hakugusa bega, hakugusa kidevu, ingawa baadaye aliniambia kwamba aliyaona yote, pamoja na kiganja cha kushoto kilichokuwa kimeilalia shingo ya fidla kama cha mtu anayebeba sinia. Aliporudisha upinde, alimtaka mtoto apige uzi mmoja tu usiobanwa na kidole chochote, polepole, akiangalia kwenye kioo cha kabati kama upinde unakwenda sambamba na kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, au unapinda kuelekea bega. Mara ya kwanza ulipinda. Mara ya tano ulikwenda sawa, na sauti iliyotoka ilikuwa laini kiasi kwamba mtoto mwenyewe alisimama.

Kisha alimtaka aiweke fidla chini na kuuimba ule wimbo wa kanisani ambao shangazi yake alikuwa ameuomba, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia kisa kile kwenye simu. Mtoto aliuimba. Mwalimu akasema, "Noti ya kwanza iko kwenye uzi wa la, bila kidole. Nyingine zitafute mwenyewe, mimi nitakuambia tu kama umeipata." Ilichukua dakika sita. Aliikosa noti ya tatu, akasimama bila kuambiwa, akasogeza kidole kwa kiasi kidogo kuelekea mwilini mwa fidla, akaendelea. Pale ndipo nilipopata jibu la swali aliloniuliza mwalimu: alikuwa anajua anapokosea. Hakuna mtu aliyewahi kumpa nafasi ya kulionyesha hilo.

Katika daftari langu kulikuwa na dakika thelathini na tatu kati ya arobaini na tano. Mwalimu alimpa mtoto daftari lake mwenyewe na kumwambia aandike kwa maneno yake kazi ya wiki. Aliandika mistari mitatu: penseli dakika mbili, upinde kwenye kioo mara kumi kila uzi, ubeti mmoja wa wimbo wowote bila kuonyeshwa. Tukiwa ndani ya daladala nilimuuliza, kama nilivyomuuliza baada ya masomo mawili ya mwanzo, kesho atafanya nini. Baada ya mwalimu wa kwanza alikuwa amejibu, "Sijui, ni mambo mengi." Safari hii aliniomba penseli kutoka kwenye mkoba wangu.

Tulikubaliana malipo ya mwezi kwa mwezi, masomo manne, badala ya muhula mzima kwa mkupuo, na somo linalofutwa na upande wowote siku moja kabla hufidiwa. Nawasihi wazazi wasilipe muhula mzima kwa mwalimu mpya hata akiwapunguzia bei, kwa sababu pesa zikishatangulia unaanza kutafuta sababu za kuvumilia. Niliomba pia kwamba mwisho wa mwezi wa pili tukae dakika kumi tuzungumze, bila mtoto. Katika kikao hicho mwalimu alinieleza kwamba fidla ile lazima ibadilishwe, akanielekeza kwa fundi na kwa mzazi mwingine aliyekuwa anauza fidla ya nusu ambayo mtoto wake alishaizidi, na yeye mwenyewe hakupata shilingi katika biashara hiyo. Maumivu ya bega yaliisha ndani ya wiki chache.

Nilimuuliza ni lini tutarudi kwenye mtihani. Alisema mtoto ataniambia mwenyewe atakapokuwa anasoma mistari mipya bila kuogopa, na kwamba kila somo lingekuwa na mistari minne ambayo hajawahi kuiona, isomwe mara moja na kuachwa. Aliurudia mtihani baada ya miezi minane. Alipata 118, na safari hii kusikiliza kulikuwa 16 kati ya 18.

Katika kikao cha mwisho tulichokaa, mwalimu alisema jambo ambalo walimu wachache wangelisema kwa mzazi anayelipa kila mwezi. Aliniambia kwamba ABRSM haimruhusu mwanafunzi kufanya gredi ya 6 ya chombo kabla hajafaulu nadharia ya gredi ya 5 au mtihani unaokubalika badala yake, hivyo tuanze nadharia mapema, kidogokidogo. Kisha akaongeza, "Nami nikimfikisha hapo, mama, nitakutafutia mwalimu aliyenizidi. Nimeshaanza kuuliza." Tuliandika majina mawili nyuma ya daftari la binti yangu, chini ya mistari yake ya wiki ile, ambayo sasa haihitaji tena penseli.